Mnunuzi anapouliza "kontena lipi?": kutafuta hitilafu ya "a", "an" na "the" katika barua pepe

Mnunuzi wa ng'ambo hatakuandikia kukuambia kwamba sarufi yako ina kasoro. Atauliza swali. Kontena lipi? Cheti kipi? Mmesafirisha mzigo wote au nusu? Karani anashangaa, maana kwake kila kitu kiko wazi. Akirudi kuisoma barua yake anaiona imenyooka, kwa sababu kila nomino anaisomea Kiswahili kichwani, na Kiswahili hakihitaji kijineno chochote mbele ya nomino.

Barua ifuatayo nimeitunga kwa kukusanya makosa yanayojirudia katika barua ninazoletewa kuzipitia hapa Mbeya. Mwandishi mchukulie kuwa karani wa AMCOS ya kahawa huko Mbozi. Mkataba ni wa magunia 640 ya kilo 60, na kontena la futi 20 huchukua magunia 320, kwa hiyo mzigo wote ni makontena mawili. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

```
Dear Sir,
We loaded container on Friday. Driver left Vwawa same evening.
I attach invoice and packing list. There is small problem with
certificate. We shall send an information on Monday.
The coffee from the Mbozi is of good quality this year.
```

Dalili ya kwanza: nomino imesimama peke yake

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na ndilo rahisi kulikamata hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga.

Anza na ukaguzi huu kabla ya kufikiria jambo lingine. Pita kwenye kila nomino ujiulize maswali matatu. Je, kitu hiki kinahesabika, yaani naweza kusema viwili, vitatu? Je, hapa ni kimoja? Je, mbele yake hakuna neno jingine lililoshika nafasi, kama "my", "our", "this", "each" au tarakimu? Ukijibu ndiyo mara zote tatu, na nomino si jina la pekee la mtu au mahali, basi kuna pengo. Huhitaji kujua bado ni kijineno gani kitaingia. Weka alama tu uendelee.

Katika barua yetu, alama zinaangukia kwenye "container", "driver", "invoice", "packing list" na "certificate". Nyingine mbili hupita bila kuonekana: "small problem" na "same evening". Sifa ikitangulia nomino, jicho huona kwamba kuna kitu mbele yake na kuridhika. Sifa haizibi pengo. Kijineno kinatakiwa mbele ya sifa yenyewe, na "same" huandamana na "the" karibu kila mahali.

Sababu ya kawaida ni hiyo ya kuandika sentensi ya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. "Dereva ameondoka" ni sentensi kamili. "Driver left" kwa Mwingereza inasikika kama ujumbe wa simu ya maandishi ya zamani, ile iliyolipiwa kwa kila neno.

Sababu inayofuata ni kuiga karatasi. Ankara, fomu za bandarini, vichwa vya barua pepe na majedwali huondoa vijineno kwa makusudi, na hapo si kosa. Kichwa cha barua kinaweza kuwa hivi na kikawa safi kabisa:

```
Invoice and packing list for first container
```

Tatizo ni pale mtindo huo unaposhuka hadi kwenye mwili wa barua, ndani ya sentensi yenye kitenzi. Ndiyo maana "Please find attached invoice" imeenea ofisi nyingi kiasi kwamba watu wanadhani ndivyo inavyotakiwa. Kanuni yangu ni hii: mstari wenye kitenzi kamili unadai vijineno, kichwa na jedwali havidai.

Sababu ya mwisho, isiyo ya mara kwa mara lakini huonekana sana kwenye barua za kuomba kazi, ni vyeo. Sisi husema "mimi ni mhasibu" na tumemaliza. Kiingereza kinataka "I am an accountant". Kinachoachwa nje ya kanuni hii ni cheo kinachoshikwa na mtu mmoja tu katika chombo: "She was elected chairperson" iko sawa bila kijineno.

Dalili ya pili: kijineno kipo, lakini msomaji bado anauliza "kipi?"

Hapa ndipo kazi ilipo. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba kitu kikitajwa mara ya kwanza hupewa "a", kikirudiwa hupewa "the". Kanuni hiyo inafaa kwenye hadithi ya sungura na fisi. Kwenye barua ya biashara inaharibika mapema, kwa sababu wewe na mnunuzi mna mkataba, mna barua za nyuma, na mna mazoea ya biashara mnayoyajua wote wawili kabla hujaandika neno.

Swali la kweli ni moja: je, msomaji, kwa anachokijua sasa hivi, anaweza kuonyesha kidole kitu hasa ninachokisema, bila kuniuliza? Kama anaweza, ni "the". Kama hawezi, au haijalishi ni kipi, ni "a". Angalia kwamba swali linahusu anachokijua yeye. Wewe uliyesimama uwanjani Ijumaa ukiona kontena linafungwa lakiri, kwako lazima liwe "the". Hilo ndilo linalowapoteza waandishi wazuri.

Tumrudie karani wetu. Akiandika "We loaded the container", mnunuzi anaelewa kwamba kontena ni moja tu, kwa hiyo anajiuliza magunia mengine 320 yamekwenda wapi. Akiandika "We loaded a container", sarufi haina doa, ila mnunuzi hajui kama ni la kwanza au la pili. Kinachotakiwa ni "the first container". Hapo kijineno na idadi vinasema kitu kimoja. Kama mkataba ungekuwa wa magunia 320, "the container" ingetosha, hata kama barua haijalitaja kontena popote. Sentensi ileile, mkataba tofauti, kijineno tofauti.

Dereva naye anatajwa mara ya kwanza, lakini anastahili "the". Kontena lililopakiwa lina gari moja, na gari lina dereva anayeliendesha, basi msomaji anampata mwenyewe. Ankara na orodha ya vifurushi ni hivyohivyo: kila shehena ina zake, mnunuzi anazisubiri, kwa hiyo "the invoice and the packing list". Ukiandika "an invoice" ataweza kudhani umemletea bili nyingine asiyoitarajia, labda ya gharama za ziada. Nimeona barua ya namna hiyo ikizaa siku mbili za maelezo.

"Problem" ni kinyume chake. Mnunuzi hajui kama kuna tatizo, ndiyo kwanza unamwambia, kwa hiyo "a small problem". Ukiandika "the small problem" atapekua barua za nyuma akitafuta ni wapi mlilizungumzia.

Halafu "certificate". Hapa kijineno peke yake hakiponyi. Kahawa inayokwenda nje huwa na cheti cha asili na pia cheti cha afya ya mimea, na mara nyingine vya ziada vya kilimo hai au biashara ya haki. "The certificate" inamwachia mnunuzi abahatishe, "a certificate" inamtia wasiwasi zaidi. Jaza jina: "the certificate of origin". Ukiona unasitasita kati ya "a" na "the" kwa zaidi ya dakika, mara nyingi kinachokosekana ni maelezo, na kijineno kitajipanga chenyewe maelezo yakishaingia.

Kuna kipimo cha Kiswahili ninachokipenda kwa vitu visivyo na uhai. Iseme sentensi kwa Kiswahili ukiwa na kiambishi cha yambwa, kisha bila hicho. "Tumepokea malipo" na "tumeyapokea malipo" si kitu kimoja. Ya pili inamhusu msikilizaji anayejua malipo hayo, yale tuliyokubaliana. Kama kwa sikio lako ile yenye kiambishi ndiyo inayofaa, mara nyingi Kiingereza kitataka "the":

```
We have received a payment.     (tumepokea malipo fulani)
We have received the payment.   (tumeyapokea, yale tuliyoyasubiri)
```

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kwa watu na wanyama kiambishi huwekwa kwa vyovyote vile, mtu ajulikane asijulikane: "tumempata mnunuzi" inaweza kuwa "a buyer" au "the buyer". Hapo rudi kwenye swali la kidole.

Sababu nyingine ya msomaji kushtuka ni kutumia "that" na "one" badala ya vijineno vyenyewe. Kwetu "lile kontena" ni namna ya kawaida kabisa ya kumkumbusha mtu kitu mnachokijua, haina ukali. "That container" katika barua ya Kiingereza inaweza kusikika kama unalinyooshea kidole cha lawama. Andika "the container". Vivyo hivyo "nina swali moja" ikihamishwa kuwa "I have one question" inamfanya msomaji ahesabu, ajiandae kwa swali moja tu. Kama huhesabu, andika "a question".

Dalili ya tatu: "the" imeenea kama magugu

Hii huwapata waliokwisha kusahihishwa dalili ya kwanza. Wameambiwa wanasahau, sasa wanaweka kila mahali.

Kagua kwanza majina ya mahali, maana hapo jibu halina ubishi. Miji na wilaya hazichukui kitu: Mbozi, Vwawa, Tukuyu, Mafinga, Iringa. Ziwa moja au mlima mmoja hauchukui: Lake Nyasa, Mount Rungwe. Safu za milima na mito huchukua: the Poroto Mountains, the Udzungwa Mountains, the Great Ruaha River. Ukanda wetu wenyewe huchukua: the Southern Highlands. Hifadhi za taifa hazichukui, na hapo waongoza watalii wa Iringa hukwama, kwa kuwa mto una "the" na hifadhi yenye jina lilelile haina. Sentensi ninayoletewa mara nyingi ni hii ya kwanza, na ya pili ni marekebisho yake:

```
After the breakfast we drive to the Ruaha National Park by the car.
After breakfast we drive to Ruaha National Park by car.
```

Milo ya kawaida ya siku na usafiri unaotanguliwa na "by" huenda mitupu. Kwa nchi, zile zenye jina la wingi au lenye neno kama muungano au jamhuri huchukua: the Netherlands, the United Kingdom. Kwa vyombo vinavyofupishwa, nenda na mdomo: ukisoma herufi moja moja kwa kawaida unaweka, kama the TRA, ukisoma kama neno huweki, kama TANESCO na TAZARA.

Baada ya majina, kagua wingi na vitu visivyohesabika vinavyosemwa kwa ujumla. "We sell the coffee" inamfanya mnunuzi aulize kahawa ipi. Kama unaeleza kazi yenu ni nini, ni "We sell coffee", na "Farmers here pick by hand", bila kitu. Lakini kahawa ile iliyoko ndani ya kontena la Ijumaa ni "the coffee we loaded on Friday". Wengi hudhani neno "from" au "of" likifuata basi "the" ni lazima. Hapana. "Coffee from Mbozi" ni kahawa ya Mbozi kwa jumla, na ndiyo karani alitaka kuisifu.

Dalili ya nne: "a" imekaa pasipokalika

"An information", "an advice", "a feedback", "an equipment". Sababu ni kwamba kwetu taarifa, ushauri na vifaa vinahesabika bila shida, taarifa mbili si ajabu. Kwa Kiingereza maneno haya hayahesabiki, kwa hiyo hayana "a" wala "s" ya wingi. Weka "some", "more" au "any", au acha wazi. Orodha ya maneno haya kwa barua za kazi ni fupi, andika kwenye kikaratasi ukibandike karibu na kompyuta: information, advice, feedback, equipment, luggage, transport, progress, work.

Na hapohapo kuna "a" inayogeuza maana nzima. Wasimamizi wa parachichi Rungwe na Njombe waangalie hii kwa makini:

```
Few fruits were rejected.
A few fruits were rejected.
```

Ya kwanza ni habari njema: yaliyokataliwa ni machache mno, karibu hakuna. Ya pili inakiri kwamba yapo yaliyokataliwa, si mengi. Ukimwandikia mnunuzi ya pili ukikusudia ya kwanza, atakuomba picha na idadi. Ni sawa kwa "little" na "a little". Njia salama ni kuacha maneno haya na kuandika namba ya matunda au kilo.

Dalili ya tano: "a" au "an"

Hii ni ndogo na dawa yake tunayo mdomoni. Kinachoangaliwa ni sauti ya kwanza, si herufi. Liandike neno kama Mswahili anavyolitamka, kisha tazama lilivyoanza. Yunivasiti imeanza na "y", basi "a university". Awa imeanza na irabu, basi "an hour". Mkataba wa mwaka mmoja ni "wani", basi "a one-year contract". Kwa vifupisho vinavyosomwa herufi moja moja fanya vivyo hivyo: en-ji-o ni "an NGO", el-pi-o ni "an LPO", ef-o-bi ni "an FOB price", i-ef-di ni "an EFD receipt", lakini ti-ai-en ni "a TIN". Programu ya kuandikia hukamata mengi ya makosa haya kwa mstari wa rangi. Ya dalili ya pili haiyakamati kwa uhakika, kwa kuwa haijui mkataba wenu ni wa makontena mangapi.

Sasa barua ya karani ikishapita hatua zote inakuwa hivi:

```
Dear Sir,
We loaded the first container on Friday. The driver left Vwawa the
same evening. I attach the invoice and the packing list. There is
a small problem with the certificate of origin. We shall send more
information on Monday. Coffee from Mbozi is of good quality this year.
```

Simama hapa, tafuta mwenye taaluma

Kuna karatasi ambazo hutakiwi kuzigusa hata kama unaona wazi kwamba kijineno kimekosekana.

Ya kwanza ni ankara inayolipwa kwa barua ya dhamana ya benki, yaani "letter of credit". Chini ya kanuni za kimataifa za barua hizo, UCP 600, zinazotumika tangu 2007, maelezo ya bidhaa kwenye ankara ya biashara lazima yalingane na yaliyomo katika barua ya dhamana. Benki ikikuta tofauti inaweza kuzirudisha nyaraka. Kama barua ya dhamana imeandikwa hivi, nakili hivihivi:

```
320 BAGS TANZANIA WASHED ARABICA COFFEE
```

Usiongeze "of". Usiongeze "the". Kama maelezo yenyewe yana kosa la kweli, mathalani idadi au aina ya kahawa, mpigie afisa wa biashara ya nje katika benki yako na mwombe mnunuzi aifanyie marekebisho rasmi kabla ya kupakia.

Ya pili ni mkataba. "The Buyer" na "the Goods" zenye herufi kubwa ni majina yaliyokwisha kufafanuliwa ukurasa wa mbele. Ukiandika "a buyer" kwenye kiambatisho unachokitunga, umemwingiza mtu mwingine asiyejulikana. Kiambatisho chochote kipitiwe na wakili.

Ya tatu ni majibu ya malalamiko au madai ya fidia, na hii ndiyo watu huichukulia kwa wepesi kwa kuwa inaonekana ni barua ya heshima tu:

```
We regret the delay.
We regret any delay.
```

Ya kwanza inachukulia kwamba ucheleweshaji ulikuwepo. Ya pili haikubali wala haikatai. Ni hivyohivyo kwa "the damage" na "any damage". Mnunuzi akishaandika neno la fidia, au akitaja bima, usiyajibu madai hayo kwa barua yako mwenyewe hata ya mistari miwili. Mjulishe tu kwamba umeipokea barua yake, kisha peleka faili lote kwa wakili pamoja na picha za kontena, namba ya lakiri na hati ya kupokelea mzigo.